Meseji za grupu la mauzo kuwa ripoti moja ya wiki: fuata mzigo, usifuate meseji

*"Kaka, habari za kazi. Mimi ni msaidizi wa meneja mauzo kwenye kampuni inayosambaza rangi za nyumba, tuna maofisa mauzo watano. Kila kitu kiko kwenye grupu la WhatsApp: oda, malengo, malalamiko, picha za LPO, voisi noti. Kila Jumatatu bosi anataka imeili moja ya mauzo ya wiki. Nasoma meseji zaidi ya mia mbili, najumlisha, natuma, halafu mhasibu anasema namba zangu si za kweli. Nifanyeje?"*

Dada, pole na kazi. Mhasibu wako anahesabu mizigo iliyotoka stoo na kukatiwa risiti. Wewe unahesabu yaliyosemwa. Mzigo mmoja husemwa mara nne au tano kabla haujafika kwa mteja, na kila ukisemwa unakuja na namba yake: ya profoma, ya LPO, ya kilichopakiwa, ya kilicholipwa. Ukijumlisha kila namba iliyopita kwenye grupu, mteja mmoja anageuka watatu. Kwa hiyo kati ya meseji na imeili panatakiwa daftari dogo ambalo kila oda ina mstari wake mmoja tu. Nitakaa sana hapo, maana daftari likishakaa sawa, imeili ni kazi ya robo saa.

Nimefanya kazi hii miaka mingi kwenye rangi na vifaa vya ujenzi, na nadhani itakusaidia zaidi tukikaa na oda moja tuifuatilie mwanzo hadi mwisho. Namba za mfano huu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri, lakini mwendo wa meseji ni ule ule unaokutana nao kila wiki. Majina nimeyaandika kwa eneo, kama ninavyowasevu maofisa kwenye simu yangu:

```
12/05/2025, 08:47 - Mauzo Dodoma: Mkandarasi wa hosteli kakubali, ndoo 120 za nje
12/05/2025, 10:02 - Mauzo Dodoma: <Media omitted>
12/05/2025, 16:31 - Meneja: Safi sana. Shilingi ngapi hiyo?
12/05/2025, 16:40 - Mauzo Dodoma: 14.16 bosi
14/05/2025, 09:15 - Stoo: Dodoma 80 zimetoka, 40 rangi imeisha
15/05/2025, 11:20 - Mauzo Dodoma: Mzigo umefika, mteja kafurahi sana
16/05/2025, 19:58 - Mauzo Dodoma: Wiki yangu 14.16 + 9.44 ya juzi
```

Anayesoma haraka atamwandikia Dodoma milioni 23.6, maana ndivyo meseji ya mwisho inavyosema. Twende taratibu.

Ile `<Media omitted>` ya saa nne asubuhi ni picha ya LPO. Kwenye faili haionekani, lazima urudi kwenye simu uifungue. Ukiifungua unakuta ndoo 120 za lita 20, kila moja shilingi 118,000 pamoja na VAT. Zidisha, unapata 14,160,000. Ndiyo ile 14.16. VAT ya kawaida ya Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo bei yenyewe ni 100,000 kwa ndoo, na oda nzima ni milioni 12 bila VAT. Kama lengo mlilopewa na uongozi ni la mauzo bila VAT, na kampuni nyingi ninazozijua hupanga hivyo, basi 14.16 haitakiwi kukaa kando ya lengo hata siku moja.

Halafu Jumatano stoo wanasema zimetoka 80. Ndoo 80 ni milioni 8 bila VAT, na ukiweka VAT ni 9,440,000. Unaiona hiyo 9.44? Ijumaa jioni afisa anapoandika "9.44 ya juzi", hazungumzii mteja mwingine. Ni risiti ya zile ndoo 80, ambazo tayari zimo ndani ya ile 14.16. Sidhani kama anadanganya. Ameshika simu baada ya siku ndefu ya barabarani, anapandisha meseji, anaiona oda, anaiona risiti, anaziandika zote mbili. Mauzo yake ya kweli wiki hiyo ni milioni 8, na ndoo 40 zenye thamani ya milioni 4 bado hazijatoka.

Kosa hilo ndilo linalokusumbua wewe na mhasibu. Ukilielewa kwa mteja huyu mmoja, utalitambua kila mahali.

Sasa jinsi ya kuzitoa meseji kwenye simu. Kwenye Android fungua grupu, gusa vile vitone vitatu juu, ingia `More`, kisha `Export chat`, uchague `Without media`. Kwenye aifoni gusa jina la grupu, shuka hadi chini, utaikuta `Export chat`. Itakuja faili la maandishi ambalo unaweza kujitumia kwenye imeili na kulifungua kwa kompyuta. Ikikataa, angalia kwenye grupu kama `Advanced chat privacy` imewashwa, maana hiyo huzuia kutoa meseji nje. Faili likifika, futa kila kilicho nje ya wiki yako. Angalia tarehe kwa makini, kwa sababu mpangilio wake hufuata simu iliyotoa faili: simu moja inaandika 12/05, nyingine inaandika 5/12 kwa siku hiyo hiyo, na Excel inaweza kuisoma Mei ikawa Desemba. Njia rahisi ya kujua ni kutafuta siku iliyozidi 12. Ukiona 16/05, siku ndiyo imetangulia.

Faili hilo linaficha mambo mawili. La kwanza, mtu akijibu meseji fulani kwa kuivuta, ile meseji aliyoivuta haiji kwenye faili. Utaona tu "Sawa, imetoka" ikielea peke yake, hujui ni mzigo wa Temeke au wa Kinondoni. La pili, vidole gumba na vialama vingine ambavyo watu huweka juu ya meseji haviji kabisa. Mameneja wengi wanaidhinisha punguzo la bei kwa kidole gumba tu. Kwenye faili utasoma afisa akiomba asilimia 5 kwa mteja wake, halafu kimya, ukadhani hakuruhusiwa. Kwa sababu hiyo mimi hufanya kazi na vitu viwili pamoja: faili kwenye kompyuta kwa kunakili na kutafuta, simu pembeni kwa kuhakikisha. Voisi noti nazo sikiliza zote. Hazina njia ya mkato, na mara nyingi ndimo afisa anamotaja sababu ambayo hakutaka kuiandika.

Daftari lenyewe ni ukurasa mmoja wa Excel. Safu ya A ni tarehe, B eneo, C mteja, D kiasi kama kilivyotajwa, E kiasi bila VAT, F hali, G ushahidi, H malipo. Kwenye F ninatumia maneno matatu tu. AHADI ni pale mteja amesema atachukua na huna kingine zaidi ya maneno yake, hata kama profoma imeshatumwa. ODA ni pale amejifunga: LPO ipo, au ametanguliza pesa. Maduka mengi ya hadiwea hayaandiki LPO, kwa hao ninakubali meseji ya mteja mwenyewe pamoja na mhasibu kukubali kumkopesha. IMETOKA ni pale risiti ya EFD imekatwa na mzigo umeondoka, na kwenye G ninaandika namba ya risiti. Namba hiyo ndiyo itakayokukutanisha na mhasibu.

Watu wengi huongeza hali ya nne, IMELIPWA. Usifanye hivyo. Mteja anaweza kulipa kabla mzigo haujatoka, mwingine akachukua leo akalipa baada ya siku 30. Ukichanganya malipo na safari ya mzigo kwenye safu moja, ukibadilisha IMETOKA kuwa IMELIPWA, mauzo ya wiki yanapungua kwa sababu tu mteja amelipa. Malipo yakae kwenye safu yake ya H.

Fomula unazohitaji ni mbili:

```
=D2/1.18
=SUMIFS(E:E,F:F,"IMETOKA")
```

Ya kwanza inaondoa VAT, na msomaji aliye Kenya atagawanya kwa 1.16. Itumie tu pale una uhakika kwamba kiasi kilichotajwa kina VAT ndani. Afisa asiposema, gawanya kwa 1.18 uone. 14.16 ikigawanywa inatoa 12 kamili, 9.44 inatoa 8 kamili. Namba inayokaa vizuri hivyo baada ya kugawanywa karibu kila mara ilikuwa na VAT. Hiyo ni dalili, bado utauliza au utaangalia LPO. Na ukikutana na "tano na nusu" kwenye voisi noti, usikisie. Kwa mwenye duka dogo inaweza kuwa laki tano na nusu, kwa mkandarasi ikawa milioni.

Sasa soma faili kuanzia Jumatatu kushuka chini. Meseji ikitaja mteja ambaye hayumo kwenye daftari, fungua mstari mpya. Ikitaja aliyemo, usifungue mstari, badilisha hali ya ule wa zamani. Mstari unagawanyika pale tu mzigo wenyewe umegawanyika. Oda ya Dodoma tuliianza kwa mstari mmoja, AHADI, saa mbili na dakika arobaini na saba asubuhi. Saa nne ikawa ODA kwa sababu ya LPO. Jumatano tukaikata mara mbili: ndoo 80, milioni 8, IMETOKA, na ndoo 40, milioni 4, ODA. Meseji ya Alhamisi ya kufurahi kwa mteja haibadilishi chochote. Ya Ijumaa nayo haibadilishi, ila inakuambia kwamba kuna mtu wa kumpigia simu. Mzigo uliorudi unaupa mstari wake wenye alama ya kutoa, hali IMETOKA, ili jumla ipungue yenyewe.

Kama huyu mmoja alisoma 23.6 badala ya 8, fikiria timu nzima. Kwenye mfano wetu maeneo mengine manne yalitangaza jumla ya milioni 28.32, zote zikiwa na VAT. Ukiongeza 23.6 ya Dodoma unapata 51.92, na lengo la wiki lilikuwa 40. Grupu zima lilikuwa linapongezana kwa kuvuka lengo kwa karibu asilimia 30. Ukweli wa daftari: hao wanne ni milioni 24 bila VAT, Dodoma 8, jumla 32. Timu ilifikia asilimia 80 ya lengo. Kwa upande mmoja bosi angetangaza bonasi, kwa upande mwingine anatakiwa kutafuta milioni 8 zilizokosekana.

Kuhusu lengo lenyewe, lichukue kwenye karatasi ya mwezi iliyopitishwa, usilichukue kwenye grupu. Meneja akiandika Jumanne usiku "wiki hii nataka 50", hiyo mara nyingi ni hamasa. Ukiibadilisha lengo kwenye ripoti, maofisa wataona umewasogezea goli. Ukiipuuza na yeye alikuwa anamaanisha, utakuwa umekosea pia. Muulize kwa simu, swali la nusu dakika: "Bosi, ile 50 niiweke kama lengo au nibaki na 40?"

Kabla ya kuandika imeili, fanya mapatano mara mbili. Kwanza na mhasibu. Muombe orodha ya risiti za wiki, pitisha namba moja moja na safu yako ya G. Utakuta risiti ambazo hazimo kwenye daftari, mara nyingi ni wateja waliokuja wenyewe kaunta, hakuna afisa aliyewataja kwenye grupu. Waongezee mstari na uwaandike "kaunta", usimpe afisa yeyote. Utakuta pia mistari yako ya IMETOKA isiyo na risiti. Hiyo irudishe kuwa ODA mpaka risiti ipatikane. Jumla zenu mbili zikilingana hadi shilingi, endelea. Zikipishana na huoni kwa nini, tafuta kwanza tofauti ya asilimia 18, halafu mzigo uliorudi, halafu mzigo uliopakiwa Jumamosi ukakatiwa risiti Jumatatu.

Pili, na maofisa wenyewe, na hapa nakuomba dada uwe na subira. Usiandike kwenye grupu "Dodoma namba zako si sahihi". Mbele ya wenzake na mbele ya meneja hilo ni kumwaibisha, na wiki ijayo hataandika chochote. Mtumie peke yake: "Kaka, shikamoo, naandaa ripoti. Kwangu naona ndoo 80 zimetoka, milioni 8 bila VAT, na 40 zinasubiri rangi. Hiyo 9.44 ni risiti ya hizo 80 au kuna mteja mwingine?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa neno moja, na linampa nafasi ya kujirekebisha bila mtu kujua.

Naikazania hatua hii kwa sababu iliwahi kuniumiza. Kwenye kampuni moja niliyoifanyia kazi nilisoma "Morogoro kashasema sawa" nikaandika kwenye ripoti kwamba biashara ya Morogoro imefungwa. Mkurugenzi aliposoma, aliagiza lori likodiwe na mzigo upakiwe Jumatatu ile ile. Lori lilifika, mteja akasema yeye alikubali bei, oda alikuwa bado anasubiri kibali cha bosi wake. Tulilipa kodi ya lori kwenda na kurudi, na ndoo kumi na kitu zilirudi zimebonyea. Afisa hakuwa amesema uongo. Mimi ndiye niliyeigeuza AHADI kuwa ODA kwa neno moja. Tangu siku ile neno "imefungwa" halipo kwenye ripoti zangu.

Sasa imeili. Bosi wako ataisoma kwenye simu, pengine akiwa kwenye foleni, kwa hiyo kichwa cha habari kibebe jibu lenyewe na mistari ya kwanza itoshe hata asiposhuka chini. Hii ni ya wiki yetu ya mfano:

> Mauzo 12–17 Mei: mil. 32.0 kati ya 40.0. Maamuzi mawili yanahitajika leo
>
> Habari za asubuhi bosi,
>
> Mzigo uliotoka wiki iliyopita ni shilingi milioni 32.0 bila VAT, asilimia 80 ya lengo. Tangu mwezi uanze tumetoa milioni 79.0 kati ya 160. Zimebaki 81.0 na wiki mbili, yaani 40.5 kila wiki. Namba zimelinganishwa na risiti za mhasibu.
>
> Pengo liko sehemu mbili. Dodoma imetoa 8.0 kati ya 12.0, kwa sababu ndoo 40 zilizokwishaagizwa hazikutoka, rangi iliisha stoo. Morogoro imetoa 2.5 kati ya 6.0, afisa anaeleza kwamba mvua imesimamisha kazi za kuta za nje. Kariakoo 11.2 (lengo 11.0), Temeke 5.4 (6.0), Kinondoni 4.9 (5.0).
>
> Oda zilizothibitishwa ambazo hazijatoka ni milioni 10.0: Kinondoni 6.0, LPO ipo, inatoka Jumanne tarehe 20, Dodoma 4.0, inasubiri rangi. Nje ya hesabu hiyo kuna ahadi ya shule moja Morogoro, profoma ya 3.5.
>
> Pesa iliyoingia ni milioni 24.3 pamoja na VAT. Ndani yake yamo madeni ya wiki za nyuma.
>
> Naomba uamuzi leo:
>
> 1. Dodoma: LPO inataka mzigo wote ufike kabla ya Ijumaa tarehe 23. Rangi inaingia stoo Alhamisi tarehe 22, lori letu la Dodoma linaondoka Jumatano. Tukodi gari la Alhamisi, au tumwombe mteja asubiri hadi Jumatano tarehe 28?
> 2. Temeke: mteja anayedaiwa 3.1, siku 30 zimepita, anaomba mzigo mwingine wa 2.2 kwa mkopo. Afisa anaomba aruhusiwe. Tumpe?
>
> Daftari la oda zote nimeliambatanisha.

Meseji mia mbili zimeingia hapo na hakuna hata moja iliyonakiliwa. Sababu ya Morogoro nimeiandika kama maelezo ya afisa kwa sababu sijaithibitisha. Ya Dodoma nimeiandika moja kwa moja kwa sababu stoo wenyewe wameisema. Oda na ahadi zimetenganishwa ili mtu asijumlishe 3.5 kwenye 10. Pesa iliyoingia nimeitaja kuwa ina VAT, maana pesa huingia hivyo, na bosi asije akagawanya 24.3 kwa 32 akadhani amepata asilimia ya makusanyo. Tarehe zimeandikwa kwa namba. "Kesho" iliyoandikwa kwenye grupu Jumanne saa sita kasoro usiku haina maana yoyote kwa anayesoma Jumatatu inayofuata.

Lile swali la Dodoma lina jambo jingine ambalo ungemwambia bosi kwa mdomo akikupigia. Ndoo 40 zitakazokuja ni za bachi nyingine, na rangi ya bachi mbili inaweza kupishana kidogo hata kama namba ya rangi ni moja. Kwenye ukuta mpana wa nje tofauti hiyo huonekana pale bachi zinapokutana. Muulize afisa kama mkandarasi anaweza kuzitumia kwenye jengo au upande wa peke yake. Hilo halikuwemo kwenye meseji yoyote, na ndilo litakaloleta malalamiko mwezi ujao lisiposemwa sasa.

Yaliyobaki kwenye grupu yaache huko: nani alichelewa, nani alimjibu nani vibaya, mteja aliyetukana. Kama lalamiko limezuia mzigo, andika kizuizi, uache maneno yaliyosemwa. Namba za simu za wateja zisiingie kwenye imeili, na lile faili ulilotoa lifute ripoti ikishakubaliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na faili la namna hiyo, lenye majina, namba za simu na madeni ya watu, si la kuzagaa kwenye kompyuta ya ofisi.

Daftari lenyewe usilifute. Wiki mpya inaanza na ukurasa mpya wenye mistari yote ambayo haijawa IMETOKA. Hapo ndipo utaziona ahadi zinazozeeka. Mimi ahadi ikikaa wiki tatu bila neno jipya naiondoa kwenye imeili, naibakiza kwenye daftari, na namuuliza afisa mara moja tu. Wiki mbili za kwanza kazi hii itakula karibu saa mbili. Funga hesabu Jumamosi saa nane mchana, mpe mhasibu mwanya wa kukutumia risiti, tuma Jumatatu saa mbili asubuhi. Ukijaribu kutuma Jumamosi jioni, risiti za mizigo ya mwisho zitakuponyoka.

Mwisho, ongea na meneja kuhusu mstari mmoja wa kuandikwa kwenye grupu. Usiwape maofisa fomu, hawataijaza wakiwa juu ya bodaboda. Waombe tu kwamba hali ya mzigo ikibadilika, waandike hivi:

```
ODA / mkandarasi hosteli Dodoma / 12.0 bila VAT / LPO picha
```

Mengine yote waendelee kuandika wanavyotaka. Ukitafuta `bila VAT` ndani ya grupu, mistari hiyo itajitokeza yote pamoja. Anza na afisa mmoja, yule ambaye namba zake zimekuwa zikipishana na za mhasibu mara nyingi zaidi, na mwonyeshe daftari lake mwenyewe kabla hujamwomba chochote.